Simulizi ya gemu ikigoma: maagizo yasiyosikika, utani unaokera na kimya kinachodhaniwa hitilafu

Mwongozo huu ni kwa anayerekodi video za kuwaonyesha wengine namna ya kupita ndani ya gemu huku akisimulia, akaona kuna kitu hakikai sawa ila hajui kimetokea wapi. Nitatumia gemu moja tu mwanzo hadi mwisho: Resident Evil 2, ile iliyotengenezwa upya na Capcom ikatoka Januari 2019. Tutabaki ndani ya kituo cha polisi cha Raccoon City, Leon, polisi tunayemchezesha, akiwa katika siku yake ya kwanza kazini.

Nimeichagua kwa sababu humuumbua msimulizi mropokaji kuliko gemu nyingi ninazozijua. Humo kuna viumbe wawili ambao mchezaji huwaelewa kwa masikio kwanza. Wa kwanza ni Licker, yule asiye na ngozi, mwenye ulimi mrefu, anayetambaa ukutani na darini. Haoni kabisa, anawinda kwa sauti: ukikimbia au ukifyatua risasi anakuja, ukitembea taratibu bila kumgusa unampita. Wa pili ni Tyrant, ambaye wachezaji wengi humwita Mr. X, jitu la koti refu na kofia linalokufuata jengo zima. Hafi ndani ya kituo. Ukimpiga risasi za kutosha anapiga goti kwa muda, kisha anainuka na kuendelea na safari yake. Unachomjua nacho ni vishindo vya viatu vyake, ambavyo husikika hata akiwa chumba cha pili au ghorofa ya juu.

Kwa hiyo katika gemu hii sauti zenyewe ni maelekezo. Kila sentensi unayosema inafunika kitu ambacho mtazamaji alipaswa kukisikia, na wakati mwingine ulichofunika kina thamani kuliko ulichosema. Karibu kasoro zote zilizo hapa chini zinatoka hapo.

Dalili: ulisema wazi, na bado watu wanauliza

Unaweka video, kisha maswali yanaanza: "Hapo ulipitaje?" Unarudi kuangalia na unakuta kweli ulisema. Basi usikimbilie kudhani watazamaji hawasikilizi. Angalia ulisema saa ngapi.

Hivi ndivyo sehemu ya Licker inavyosikika katika video nyingi:

"Sasa jamani hapa muwe makini sana, kuna yule jamaa wa ulimi, msije mkakimbia, eeh, huyo hapo, mnamwona? Tembea, tembea, hivyohivyo, tembea…"

Maneno yote ni ya kweli. Tatizo ni kwamba yameanza mlango ukiwa umeshafunguliwa. Kiumbe akishaonekana kwenye skrini, macho yanachukua kazi yote na masikio yanafungwa. Mtazamaji atakumbuka ulimi na hatakumbuka neno "tembea". Zaidi ya hapo, "msije mkakimbia" ni katazo. Linamwambia mtu asifanye nini, halimwambii vidole vyake vifanye nini badala yake.

Rekebisha kwa kuhamishia maagizo yote kabla ya mlango. Leon akiwa amesimama, kitasa hakijaguswa, mtazamaji ajibiwe mambo matatu: kuna nini ndani, mikono ifanye nini, na tunatokea wapi. Kwa mfano:

"Ndani ya korido hii kuna Licker. Haoni, anasikia. Sukuma fimbo ya kushoto kidogo tu, Leon atembee, wala usifyatue risasi. Mpite upande ambao hayupo, ukimgusa kwisha habari. Tunatokea mlango ule wa mwisho."

Ukimaliza, usiingie papo hapo. Mwache Leon asimame sekunde mbili hivi. Mtu anayecheza huku anakufuata anahitaji mahali pa kusimamisha video, na mahali pazuri ni hapo mlangoni, kabla mambo hayajachafuka. Kama video inaenda YouTube, weka alama ya sura palepale. Alama hizo zinahitaji orodha inayoanzia 0:00, iwe na sura zisizopungua tatu, na kila sura isipungue sekunde 10. Mtu akirudi mara ya tano baada ya kuliwa, ataruka moja kwa moja hadi mlangoni.

Aina ya swali itakuonyesha ni lipi kati ya yale matatu limepungua. Wakiuliza "ulitokea wapi?", hukutaja mwisho wa njia. Wakisema "mbona mimi ananidaka?", hukueleza mikono. Wakilalamika kwamba wameshtuka wakaishiwa risasi, hukusema kuna nini ndani. Na kama maswali yote matatu yanakuja kwa pamoja, ulikuwa unaongea wakati wa kelele.

Kuna jambo dogo kuhusu kushoto na kulia. Gemu hii imetengenezwa ili mwenye kuvaa hedifoni ajue sauti inatoka upande gani. Wewe unayecheza unalijua hilo masikioni mwako, lakini mtazamaji wako anaweza kuwa anaangalia kwa simu yenye spika moja, kwake kila kitu kinatoka palepale. Usimwambie "msikilize alipo". Mwambie "yuko kushoto, darini", tena mwambie mapema. Halafu hakikisha wewe mwenyewe hukumharibia yule mwenye hedifoni: kwenye programu ya kurekodi ya OBS, ndani ya Advanced Audio Properties, kuna kisanduku cha Mono. Kinaifaa maiki inayosikika sikio moja tu. Kikiwekwa kwenye sauti ya gemu kinafuta tofauti ya kushoto na kulia.

Dalili: kimya chako kinaonekana kama maiki imekufa

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kuropoka. Ulinyamaza makusudi ili korido itishe, kumbe watu wanaandika "sauti imepotea" au wanasogeza video mbele. Sababu zinazotokea mara nyingi ni tatu, na kila moja ina namna yake ya kuitambua.

Ya kwanza ni kwamba hukukifungulia mlango kimya chenyewe. Sentensi yako ya mwisho ilikatika bila kuwa sentensi ya mwisho: "Sasa tunaingia, halafu…" Sikio linabaki linasubiri yanayofuata "halafu". Sekunde nne zikipita bila jibu, mtu anaangalia simu yake kama haijaishiwa bando. Dawa yake ni kufunga. Sauti ishuke mwishoni kama ya mtu aliyemaliza, na maneno ya mwisho yampe mtazamaji kitu cha kusikiliza: "Kuanzia hapa sisemi. Sikiliza kucha zake." Sasa kimya kina kazi. Mtazamaji hakusubiri wewe tena, anasubiri kucha.

Ya pili iko kwenye kichujio. Watu wengi huweka Noise Gate, yaani lango la sauti, kwenye maiki ili feni na magari ya barabarani yasisikike. Ukiongea, lango linafunguka na sauti ya chumba chako inaingia pamoja na wewe. Ukinyamaza linafungwa na chumba kizima kinatoweka kwa mkupuo. Sikio linakitambua hicho kitu hata kama mtu hajui kukieleza, na linakiita hitilafu. Ili kuhakikisha, cheza njia ya maiki peke yake, bila gemu, na usikilize mwisho wa sentensi. Kama mvumo wa chumba unakatwa kama kwa mkasi, umempata mchawi.

Usikimbilie kulifuta lango. Shusha kwanza Close Threshold ili lisifunge kwa kila pumzi, kisha ongeza Release lifunge polepole. Kama feni bado inasikika, irekodi chumba chako kikiwa kimya kwa nusu dakika hivi, bila neno, na wakati wa kuhariri uitandaze rekodi hiyo chini ya sehemu za kimya kwa sauti ndogo sana. Mtazamaji ataendelea kuhisi kwamba upo chumbani, umenyamaza tu. Na pumzi zako usizifute zote. Pumzi moja iliyobanwa wakati Licker anageuza shingo inafanya kazi kubwa kuliko "jamani, jamani" kumi.

Ya tatu ni kwamba gemu yenyewe iko chini mno. Uliiteremsha ili isikufunike, ikabaki hapo hata ulipoacha kuongea, kwa hiyo kimya chako hakina kitu ndani. Kimya cha video ya aina hii maana yake msimulizi amenyamaza. Jengo liendelee kulia, mbao zilalamike, matone yadondoke. Kuligundua hili si kazi: weka sauti ya simu nusu, iweke simu mezani mbali kidogo, na ucheze sehemu ya kimya. Usiposikia kucha za Licker, na mtazamaji hazisikii.

Ili uweze kulirekebisha lazima maiki na gemu ziwe zimerekodiwa katika njia tofauti. OBS inatoa njia sita za sauti. Gemu ipe moja, maiki ipe nyingine, na kwenye mipangilio ya kurekodi uzichague zote. Ukishazichanganya katika njia moja, huwezi kuinua kucha bila kujiinua na wewe.

Sasa urefu. Wengi huandika kwenye skripti "kimya sekunde 10". Mimi siandiki sekunde. Gemu haifuati saa yako: safari moja Licker yuko mbali unampita upesi, safari nyingine amekaa katikati ya njia unasubiri. Ukijilazimisha sekunde kumi utazungumza akiwa pembeni ya sikio lako, au utakaa bubu korido ikiwa tupu. Andika kimya kinaishia kwenye sauti gani. "Kimya mpaka mlango ufungwe." Sauti ya mlango kujifunga nyuma ya Leon ndiyo inayokurudishia ruhusa ya kusema, na mtazamaji anaisikia pamoja na wewe, ndiyo maana neno lako la kwanza baada yake linatua vizuri.

Ila kimya kinahitaji kitu kinachobadilika. Leon akiwa anasogea, kucha zikisikika, mtazamaji anavumilia muda mrefu kuliko unavyodhani. Leon akiwa amesimama anaangalia ukuta, hata sekunde tano ni nyingi. Ukiona kimya kinachosha, kabla hujakijaza maneno angalia kama kuna kinachosogea. Kama hakuna, kata picha, si kimya.

Dalili: utani unachekesha, lakini hofu imekufa

Utani ukiwa mbaya ni rahisi kuufuta. Shida ni ule mzuri uliokaa mahali pabaya.

Chukua utani huu juu ya Tyrant: "Huyu ni mwenye nyumba, na leo ni tarehe tano. Hakimbii, kwa sababu anajua utarudi kulala." Unafaa, tena una maelekezo ndani yake, maana ni kweli Tyrant hakimbii kama wewe, anatembea kwa hatua ndefu na hana haraka. Sasa uweke wakati Leon amejibanza ofisini na vishindo vinapita nje ya ukuta. Umevifunika vishindo, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vinamwambia mtazamaji asubiri au atoke. Tena umemwambia kwamba wewe huogopi, na kama wewe huogopi yeye ataogopea nini?

Utani huohuo usogeze mpaka chumba chenye taipureta, mashine ya kuhifadhia gemu. Humo Tyrant hafuati, muziki laini wa kuhifadhi unaanza, mabega ya mtazamaji yanashuka. Hapo ndipo mwenye nyumba anachekesha kweli, kwa sababu hofu ilikuwa imeshajaa na inatafuta pa kutokea. Lakini kuna mtego mmoja: ukumbi mkuu una taipureta pia, na Tyrant anaingia humo bila hodi. Usije ukamtania mwenye nyumba pale ukumbini ukidhani uko salama. Au, kama wewe ni mtundu, fanya hivyo makusudi na umwache afungue mlango katikati ya sentensi yako. Gemu itakuwa imemalizia utani kwa niaba yako. Hilo ni mara moja kwa video nzima.

Namna ya kuutambua utani ulio mahali pabaya: ufute, kisha sikiliza kilichokuwa chini yake. Ukikuta chini kuna sauti ya gemu inayomfundisha mtu kitu, utani uhame. Ukikuta hakuna kitu, tatizo si mahali, labda ni utani wenyewe.

Utani unaorudiwa nao una kikomo. "Mwenye nyumba" mara ya kwanza ni utani, mara ya pili ni jina, na kuanzia hapo ni faida: unaweza kusema "mwenye nyumba yuko juu" na kila mtu akaelewa kwa maneno manne. Mtu akiendelea kuuelezea upya kila akitokea, kodi, tarehe, kufuli, ndipo watazamaji wanapochoka. Ukishageuka jina, uache ufanye kazi ya jina.

Dalili: sauti ya gemu inaruka kila unapovuta pumzi

Hii ni ya kifundi na nitaipita haraka. Ukitumia Compressor kwenye sauti ya gemu ili ijishushe yenyewe unapoongea, mipangilio ya kuanzia ya OBS hubana kwa nguvu na kuachia upesi mno: Ratio 10:1 na Release 60 ms. Matokeo yake ni kwamba kila nafasi kati ya maneno gemu inaruka juu, neno likija inazama. Wakati wa maagizo inaudhi kidogo. Unapoingia kwenye kimya inaharibu kabisa, maana badala ya korido kufunguka taratibu, inakurupuka. Jaribu hivi kwenye sauti ya gemu, kisha urekebishe kwa sikio lako:

```
Ratio: 3:1
Threshold: -30 dB
Attack: 100 ms
Release: 600 ms
Sidechain/Ducking Source: Mic/Aux
```

Kwa Release ndefu namna hiyo, gemu inapanda polepole baada ya neno lako la mwisho, na hofu inajengeka yenyewe bila wewe kugusa kitu.

Mfano mzima: Tyrant nyuma, Licker mbele

Sasa tuichukue sehemu moja ngumu tuiandikie skripti. Umetoka ghorofa ya juu, Tyrant ameanza kukufuata, na njia yako inapita korido yenye Licker. Hii ni hila nzuri ya watengenezaji: mmoja anakulazimisha kukimbia, mwingine anakuadhibu ukikimbia. Msimulizi asiyejipanga hupiga kelele hapa kwa dakika nzima na mwisho wake mtazamaji hajui alifanyaje.

Kwanza amua njia, kisha ndipo uandike. Njia ninayoipendekeza ni kutompeleka Tyrant koridoni kabisa. Mzungushe kwenye vyumba vyenye milango miwili au ukumbini, mwache nyuma, sikiliza vishindo vikififia, ndipo uende kwa Licker kwa mwendo wa kutembea. Risasi hapana, maana mlio wake unawaita wote wawili.

Kwenye skripti ninatumia herufi tatu pembeni: M ni maagizo, U ni utani, K ni kimya. Kila K lazima iandikwe pamoja na sauti inayoimaliza.

M (ukumbini, Tyrant hajaonekana): "Mbele yetu kuna kazi mbili, na zinagombana. Mwenye nyumba anataka tukimbie, Licker anataka tutembee. Kwa hiyo hatuendi kwa Licker mpaka tumpoteze mwenye nyumba. Tunamzungusha hapa ukumbini, tunatoka upande wa pili. Usimpige risasi, utazihitaji."

K: mpaka mlango ufunguke na Tyrant aingie.

M (unamzunguka, maneno machache): "Mzunguke. Toka."

K: mpaka vishindo viwe mbali.

M (mbele ya mlango wa korido, Leon amesimama): "Mnasikia? Yuko mbali. Vishindo vikiwa hivi, ingia. Vikiwa karibu, subiri. Ndani fimbo kidogo tu, mlango wa mwisho. Mimi nanyamaza."

K: sekunde mbili Leon akiwa mlangoni, kisha korido nzima, mpaka mlango wa mwisho ujifunge.

U (chumba chenye taipureta, muziki umeanza): "Siku ya kwanza kazini hii. Na bado hajaonyeshwa choo kilipo."

K: muziki peke yake, mpaka taipureta ilie.

M: "Hifadhi."

Angalia ule mstari wenye "Mnasikia?" Ndio uliobeba sehemu nzima. Hausemi Tyrant yuko wapi tu, unamfundisha mtazamaji kipimo atakachokitumia peke yake akiwa kwenye gemu yake, ambako Tyrant hatatembea kama alivyotembea kwangu. Lakini mstari huo unafaa tu kama kimya kilichotangulia kilimpa nafasi ya kusikia vishindo vikipungua. Ukiijaza nafasi ile kwa porojo, "mnasikia?" linakuwa swali lisilo na kitu cha kusikia.

Pili, maagizo ya katikati ya mbio ni mawili tu: "Mzunguke. Toka." Kiswahili kinatupendelea hapa, kitenzi kimoja kinabeba amri na mtendwa. Kama umejikuta unasema "sasa tunachotakiwa kufanya ni kwamba tumzunguke", mwenye nyumba ameshakufikia.

Halafu kinachotokea kwenye rekodi. Mara nyingi mpango unavunjika: vishindo vinarudi ukiwa katikati ya korido, Licker yuko hatua mbili mbele yako. Usianze kueleza. Cheza kimya, ama ufe kimya. Ukifika salama, eleza baadaye ukiwa na taipureta: "Alirudi, nikabana ukutani nikaendelea kutembea, sikukimbia." Ukifa, acha sauti ya kifo imalizike kabla ya kusema chochote, na utani mmoja unatosha. Kisha amua kama kifo hicho kinamfundisha mtu kitu. Kikifundisha kiache kwenye video kabla ya safari iliyofanikiwa. Kisipofundisha, kata.

Dalili: kila kitu kiko sawa kwenye karatasi, lakini unasikika kama unasoma hotuba

Hutokea maagizo yakiandikwa kwa lugha ya kuandikwa. Yasome kwa sauti ukiwa umeshika kidhibiti cha gemu na Leon anatembea. Sentensi ambayo huwezi kuimaliza huku vidole vinafanya kazi, ikate. Utani usiuandike wote. Andika neno moja la kukukumbusha, "mwenye nyumba", "choo", lililobaki litoke mdomoni kwa namna yake.

Na ukirekodi sehemu ileile kwa mara nyingi, mshtuko wako unageuka maigizo, "aaah!" inakuja kabla ya Licker kuanguka. Hilo halina dawa kwenye kuhariri. Rekodi mwendo wa kwanza ukiwa na maiki wazi hata kama hujaandika skripti bado, uhifadhi pumzi na mishtuko yake. Zikitokea mahali pamoja na safari yako ya mwisho, unaweza kuirudisha picha yenyewe ya safari ya kwanza na sauti yake. Kuhamisha pumzi peke yake kwenye picha nyingine huwa kunaonekana, hasa kwa wanaoangalia mara mbili.

Dalili: grafu ya watazamaji inaporomoka kwenye kimya

Kabla hujalaumu kimya, angalia inaporomoka sekunde gani hasa. Ikianza pale unaponyamaza, rudi kwenye zile sababu tatu. Mara nyingi ni sentensi isiyofungwa. Ikiporomoka katikati, picha imesimama. Ikiporomoka baada ya mlango kufungwa, watu walipata walichokifuata, njia ya kupita, wakarudi kwenye gemu zao. Huko si kuharibikiwa. Wengine walikuja wakiwa wamekwama kwa Licker na video yako imewatoa.

Angalia pia kama programu yako ya kuhariri imewashwa ile kazi ya kukata sehemu tupu yenyewe. Baadhi zinapima maiki peke yake, kwa hiyo kwao korido nzima ya Licker ni sehemu tupu, na zinaiondoa bila kuuliza. Utaitambua haraka: Leon anafungua mlango wa kwanza, na papo hapo amesimama mbele ya wa mwisho. Zima kazi hiyo kwa video za aina hii, au uirudishe korido kwa mkono.

Na ukihamia gemu nyingine, angalia kwanza mipangilio yake ya sauti. Alien: Isolation ya mwaka 2014, ikichezwa Xbox One yenye Kinect au PlayStation 4 yenye kamera, ina chaguo la kusikiliza kelele za chumba chako halisi, na yule kiumbe anazifuata. Ukiliacha chaguo hilo wazi, kila maelekezo unayotoa ukiwa umejificha kabatini anayasikia yeye pia. Lizime kabla ya kurekodi, au kama hutalizima, andika K kwenye skripti yote mpaka utoke kabatini.